Wewe ni mwajiriwa, usijisajili kama mfanyabiashara

Siku hizi kila mtaa una wake. Fuoni, Mwanakwerekwe, Chake Chake, Wete: kijana kajifungia chumbani na kompyuta toka asubuhi, majirani wanamuona hana kazi, kumbe mshahara wake unatoka Amsterdam. Muulize habari ya kodi, atakupa moja ya majibu mawili. Ama atakwambia kodi wanamaliza hukohuko kampuni iliko, ama atakwambia anajipanga akakate leseni ya biashara awe halali. La kwanza ni kosa. La pili linaudhi zaidi, maana wanaoangukia humo ni wale wenye nia njema hasa.

Tuanze na hilo la kwanza, halichukui muda. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inafanya kazi Unguja na Pemba kama inavyofanya kazi Dodoma, na anayeikusanya ni TRA, si ZRA ambayo wengi bado tunaiita ZRB. Ukiwa na makazi ya kudumu hapa na ukawepo nchini katika mwaka husika, wewe ni mkaazi kwa mambo ya kodi. Na kazi uliyoifanya ukiwa umekaa Fuoni inahesabika imefanyika hapa, hata kama pesa imelipwa Ulaya na kuingia benki ya Ulaya. Kwa hiyo kampuni ikikukata kodi ya kwao, usikae kimya ukidhani umeshamaliza. Nafuu ya kodi iliyolipwa nje hutolewa kwa pato lenye chimbuko nje, na hili lako chimbuko lake ni hapa. Dawa ni kuwaandikia mapema watu wao wa mishahara kwamba kazi unaifanyia Zanzibar, waache kukata.

Sasa tuje kwenye leseni. Mtu anafika afisi ya kodi, anaeleza kwamba analipwa na kampuni isiyo na tawi Tanzania. Aliyeko dirishani anawajua watu wa aina mbili: mwajiriwa anayekatwa PAYE na mwajiri wake, na mfanyabiashara. Huyu hakatwi, basi huyu ni mfanyabiashara. Anaandikiwa TIN ya biashara, anaulizwa jina la duka, anaulizwa mkataba wa pango. Rafiki yangu mmoja aliulizwa fremu yake iko wapi, akajibu iko chumba cha pili kutoka jikoni kwa mama yake.

Sheria lakini inamtambua mtu wa aina ya tatu, na tangu mwanzo. Wajibu wa kukata PAYE umewekwa kwa mwajiri mkaazi. Mwajiri akiwa si mkaazi na hana kituo hapa, wajibu huo haumfikii, na sheria inasema wazi kwamba mwajiriwa ambaye mwajiri wake halazimiki kukata kodi atalipa mwenyewe kwa awamu. Anabaki kuwa mwajiriwa. Hahitaji leseni wala jina la biashara la BPRA, wakala wa usajili wa biashara, na mshahara wake si mauzo ya kutozwa VAT. Anachohitaji ni TIN, na maelezo yaliyonyooka kwamba pato lake ni la ajira na mwajiri yuko nje. Mimi naona uende na mkataba wako mkononi, na maelezo hayo uyaache kwa maandishi, yapokelewe na nakala yako ipigwe muhuri.

"Lakini mkataba wangu umeandikwa mtoa huduma wa kujitegemea." Ndiyo, kampuni nyingi huandika hivyo kujipunguzia mzigo kwao. Kwetu hapa, ajira kwa maana ya kodi ni pana: hata nafasi inayokupa malipo ya vipindi kwa huduma unayoitoa inaweza kuingia humo. Ukiwa na bosi mmoja, saa za kazi anazipanga yeye, likizo unaomba, na pesa ni ileile kila mwezi, hiyo ni ajira. Mwenye wateja wanne anaowatumia ankara tofauti, huyo ni mfanyabiashara kweli na afuate njia yake.

Awamu zenyewe si ngumu. Tarehe ni nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Unakadiria kodi ya mwaka mzima, unatoa ulichokwisha kulipa, unagawa kwa awamu zilizobaki pamoja na ya sasa. Tuseme binti wa Wete kaanza kazi mwezi wa Mei. Kakadiria pato lake mpaka Desemba, kalipitisha kwenye jedwali la mwaka linalotumika Zanzibar (ambalo ngazi yake ya juu ni asilimia 30), kapata kodi ya 3,600,000. Zimebaki awamu tatu, basi Juni analipa 1,200,000. Agosti kapandishwa mshahara. Anapeleka makadirio mapya ya 4,400,000. Akitoa alizolipa inabaki 3,200,000 kwa awamu mbili, basi Septemba 1,600,000 na Desemba 1,600,000. Mwaka ukiisha anapiga hesabu halisi, inakuja 4,600,000. Ile tofauti ya 200,000 anailipa pamoja na ritani, yaani taarifa yake ya kodi ya mwaka, ambayo mwisho wake ni 30 Juni ya mwaka unaofuata.

Angelinyamaza na makadirio yake ya kwanza angeliumia. Makadirio yakiwa chini ya asilimia 80 ya kodi halisi, riba inaanza kuhesabiwa, na 3,600,000 haifikii kiwango hicho kwa kodi ya 4,600,000. Ndiyo maana nasema ukipandishwa mshahara, jambo la kwanza ni kurekebisha makadirio, simu mpya baadaye.

Ritani nayo inawachanganya watu, kwa sababu kila mmoja ana mjomba wa wizarani ambaye hajawahi kuijaza maishani. Ni kweli, maana mjomba pato lake lote ni mshahara uliokwisha kukatwa na mwajiri. Msamaha huo haumhusu ambaye hakatwi.

Hesabu zote ni kwa shilingi, kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku pesa ilipopatikana. Mshahara huhesabiwa unapolipwa, kwa hiyo wa Desemba ukiingia tarehe 4 Januari ni wa mwaka mpya. Fungua karatasi ya hesabu yenye tarehe, kiasi cha fedha ya kigeni, kiwango cha siku hiyo na shilingi zake, na uweke taarifa ya benki kila mwezi. Bila ya hivyo, mwezi wa Juni utakuwa unakisia.

Nakubali kuwa mwajiriwa kuna hasara yake. Mfanyabiashara anaondoa gharama za umeme na intaneti kwenye hesabu. Mwajiriwa haruhusiwi, hata kama bando linamla kila wiki. Lakini kuna njia ambayo wengi hawaitumii. Marejesho ya gharama ulizotumia kwa ajili ya kazi tu hayahesabiwi kuwa pato. Kwa hiyo mwajiri akikuuliza akuongezee nini, usimwambie akupandishie mshahara kwa sababu ya intaneti. Mwombe akurejeshee bili ya intaneti ya kazi kwa risiti, iandikwe kwenye mkataba kuwa ni marejesho, na ije kwa mstari wake kwenye hati ya mshahara. Ikichanganywa na mshahara, itatozwa kodi kama mshahara.