Juisi ya ukwaju ya Lamu: usimuuzie kila mtu

Jirani yangu wa hapa Langoni anatengeneza juisi ya ukwaju ambayo mtaa mzima huifuata mwezi wa Ramadhani. Mwaka huu ameamua kuitia kwenye chupa aiuze madukani. Nilipomuuliza itanunuliwa na nani, alinijibu haraka: "Na kila mtu, kaka. Nani asiyependa ukwaju?" Mimi naona jibu hilo ndilo linaloua biashara nyingi za vinywaji hapa pwani.

Tuliketi barazani tukaanza kugawa soko. Alitaka kugawa kwa umri na jinsia: vijana, kina mama, wazee. Nikamkatalia, maana kijana na mzee wakiwa na kiu ileile saa ileile hununua kitu kilekile. Nikamwambia atazame kinywaji kinanyweka wapi na kwa haja gani. Hapo yakatoka makundi manne: watoto wanaotoka shule, familia wakati wa futari, wageni wa hoteli za Shela, na abiria wanaovuka kwa boti kwenda Mokowe kupanda basi la Malindi na Mombasa.

Kisha tukachagua wa kumlenga, na hapo hesabu ikasema zaidi kuliko mapenzi. Chupa moja ya mililita 250 inamgharimu shilingi 58: chupa na kifuniko 20, lebo 5, ukwaju na sukari 18, gesi, maji na barafu 9, kuifikisha dukani 6. Mtoto wa shule hununua gilasi ya shilingi 30, kwa hiyo kila chupa ingekuwa hasara. Familia hupika juisi yao wenyewe kwa jagi, tena msimu wao ni mwezi mmoja. Hoteli zingelipa hata 200, lakini zinataka chupa ya kioo, na mvua za masika zikiingia wageni hupungua sana. Abiria wapo kila siku, wanapita mlango mmoja, na tayari wana pesa mkononi ya kununua kitu cha njiani. Duka la jeti, pale wanapopandia boti, likinunua kwa 80 na kuuza kwa 100, yeye anabaki na 22. Chupa 40 kwa siku ni shilingi 880.

Ukishamjua mnunuzi, hata chupa inabadilika. Jirani alitaka nusu lita, ionekane ya thamani. Lakini abiria wa basi anaogopa kunywa sana, kwa kuwa safari ni ndefu na dereva hasimami ovyo. Nusu lita angeiacha kwenye friji. 250 ataimaliza kabla ya Witu.

Hatua ya tatu ndiyo inayoharibiwa zaidi: kuipa juisi nafasi yake akilini mwa mnunuzi. Lebo ya kwanza aliandika "Safi, tamu, asilia". Nikamwomba afunike jina la juisi kwa kidole, kisha anitajie juisi gani nyingine haiwezi kuandika hivyo. Alinyamaza. Nafasi hupimwa dhidi ya kitu ambacho mtu angekinunua badala ya chako. Kwa mgeni wa Shela kitu hicho ni juisi iliyokamuliwa mezani pake, lakini kwa abiria ni soda baridi. Soda ni tamu na huacha mdomo unanata. Ukwaju ni mkali, unakata kiu. Basi tukaandika sentensi moja ya kujiongoza: kwa abiria aliyechoka na utamu wa soda, hii ni ukwaju mkali wa Lamu, wa kunywewa njiani. Lebo ikawa "Ukwaju mkali wa safari".

Alitaka kuongeza kwamba inazuia kichefuchefu, kwa vile watu husema hivyo. Nilimzuia. Hilo ni dai la tiba, na hawezi kulithibitisha anapoomba alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Utajuaje kama umelenga vibaya? Muulize mwenye duka mteja alirudisha nini kwenye friji alipochukua ukwaju. Ikiwa ni soda, nafasi imeshika. Wateja wakiuliza "hii ni ya nini?", lebo haijasema kitu. Na ikiwa chupa nyingi zinachukuliwa jioni na watu wa mtaani, wanunuzi wako si wale uliowachagua, itabidi urudi barazani.

Juzi hoteli moja ya Shela imemwomba katoni kwa shilingi 200 chupa, na moyo umemwenda mbio. Nimemsihi asipeleke chupa ileile. Mgeni akitembea mjini akaiona dukani jetini kwa 100, ataona amepunjwa, na mwenye hoteli hatanunua tena. Akitaka Shela, iwe chupa ya kioo, jina jingine na sentensi nyingine, baada ya jeti kumlipa gharama zake za mwanzo. Bado hajanijibu.