1/0 kwenye eksirei ya mchimbaji: tuiamini kiasi gani?

"Eksirei ya bro wangu imeandikwa q/q, 1/0. Kapiga drili mgodini miaka 12. Sasa ana silikosisi au hana?"

Inawezekana anayo silikosisi, yaani mapafu kupata makovu kwa kuvuta vumbi la mawe lenye madini ya silika, na hiyo "inawezekana" imeandikwa humo humo kwenye ripoti, ila wengi hawaioni kwa sababu wanaisoma 1/0 kama wanavyosoma presha au sukari, yaani mashine imepima ikatoa namba. Hakuna mashine hapo. Kuna daktari kakaa na picha ya bro wako upande mmoja na picha za mfano za Shirika la Kazi Duniani (ILO) upande wa pili, anaangalia yale madoa madogo meupe ya duara, anajiuliza wingi wake unafanana na mfano upi. Madaraja makubwa ni manne tu, 0 mpaka 3. Namba ya kwanza ni daraja aliloamua, ya pili ni daraja jingine alilolifikiria kwa uzito kabla hajaamua. Kwa hiyo 1/0 maana yake "nimeamua ni 1, ila niliona kama inaweza kuwa 0", na 0/1 ni kinyume chake. Angekuwa hana shaka angeandika 1/1. Zile herufi q ni ukubwa wa madoa, kati ya milimita 1.5 na 3, p ni madogo kuliko hapo, r ni makubwa zaidi mpaka milimita 10, na ukubwa hausemi lolote kuhusu wingi.

Sasa ubishi uko hapa: kwenye upimaji wa wachimbaji mstari ukatwe wapi? Kuna wanaosema yeyote kuanzia 1/0 ahesabiwe ameguswa na vumbi, na kuna wanaosema subiri 1/1 ndo useme.

Wa 1/0 wana hoja nzito na inatoka Afrika Kusini, ambako wachimbaji wa dhahabu wakifariki mapafu yao yamekuwa yakichunguzwa kwa sheria ya fidia, kwa hiyo unaweza kulinganisha eksirei ya mtu akiwa hai na kilichokutwa ndani baada ya kufa. Utafiti mmoja wa hivyo ulitoka 1993, wasomaji watatu, na ukikata mstari kwenye 1/1 hakuna hata mmoja aliyefikia nusu ya wale ambao mapafu yao yalikutwa na silikosisi. Ila wasiokuwa nayo waliwaacha salama vizuri sana, zaidi ya asilimia 95. Maana yake eksirei inachelewa, vinundu vinakuwemo kwenye pafu muda mrefu kabla havijawa vingi vya kutosha kuonekana kwenye picha. Ndo maana mimi huwa nakereka nikisikia mtu kaambiwa "0/0, kifua chako safi, rudi shimoni". 0/0 haimsafishi mtu aliyekula vumbi miaka kumi na kitu. Na silika ikishaingia inampandishia mtu hatari ya kifua kikuu hata akiacha kazi, kwa hiyo kumkosa mgonjwa si jambo dogo.

Upande wa pili nao hawabahatishi. Kwenye daraja la chini namna hii picha yenyewe inadanganya. Ikipigwa hafifu ikatoka nyeupe, mishipa ya kawaida ya damu inaanza kuonekana kama madoa, ikipigwa kali ikawa nyeusi sana madoa ya kweli yanafutika, na mgonjwa asipovuta pumzi vizuri kanda za chini za mapafu zinajikunja zinaonekana zimejaa. Ndo maana msomaji anatakiwa aanze na ubora wa picha, aandike 1 mpaka 4, na 4 maana yake haisomeki kwa kazi hii. Halafu kuna kifua kikuu chenyewe, ambacho kikisambaa kinaweza kutoa punje ndogo ndogo za duara pafu zima, na kwa nchi zetu hicho huwezi kukiweka pembeni. Na msomaji akijua kabla kwamba huyu ni mchimbaji wa miaka mingi, jicho lake linaegemea upande mmoja bila yeye kujua.

Tufanye hesabu ya mfano, namba nazitunga mimi ili tuone tu inavyokwenda. Wachimbaji 1,000, wenye ugonjwa kweli 200. Kwa 1/1 tuseme unanasa asilimia 40 na kukosea asilimia 3 ya wazima: wagonjwa 80, wazima 24 waliobebeshwa ugonjwa. Shusha mstari mpaka 1/0, tuseme unanasa asilimia 55 na kukosea asilimia 10: wagonjwa 110, wazima 80. Umeongeza wagonjwa 30 na kubebesha wazima 56 zaidi. Wengine wataona sawa tu. Lakini peleka mstari huo huo kwenye mgodi mpya wenye wagonjwa 20 tu kati ya 1,000, utapata wagonjwa 11 na wazima 98. Ripoti zote zimeandikwa 1/0 kwenda juu, ila kwenye mgodi wa kwanza zaidi ya nusu ni wagonjwa na kwenye huu mpya ni mmoja kati ya kumi hivi.

Kwa hiyo swali la kwanza si namba, ni vumbi. Kuna vipimo vya vumbi kwa wachimbaji wadogo wa Geita vilivyochapishwa 2015, na wanaodrili chini ya ardhi walikuwa wanavuta silika zaidi ya mara 300 ya kiwango kinachopendekezwa. Mtu wa mazingira hayo mwenye 1/0 mimi namchukulia kama mgonjwa mpaka ithibitike vingine. Karani wa ofisini mwenye 1/0 ile ile naanza kuulizia ubora wa picha.

Mimi nakata hivi: 1/0 iwe mlango wa kuingia kwenye uchunguzi, 1/1 itumike kwenye takwimu za kulinganisha mgodi na mgodi, na kwenye fidia isitegemewe namba moja ya msomaji mmoja, kwa sababu pale unamlipa au kumnyima mtu kwa kuangalia daktari aliegemea upande gani asubuhi hiyo. Najua wa 1/1 watasema mchimbaji mdogo ukimwandikia 1/0 unampa hofu tu, hana mkataba wala mwajiri wa kumhamishia kazi ya juu, kesho anarudi shimoni. Ni kweli kabisa, ila hiyo ni kasoro ya kinachofuata baada ya kipimo, na kumficha hakumpi kazi nyingine.

Kwa bro wako sasa. Kwanza apimwe makohozi, hilo lisisubiri ubishi wetu. Pili picha isomwe na mtu mwingine ambaye hajaiona ripoti ya kwanza, wakipishana sana atafutwe wa tatu. Angalieni ripoti imetaja kanda zipi, madoa ya silikosisi kwa kawaida yanaanzia kanda za juu, pande zote mbili, yakiwa chini tu ni habari nyingine. Kama ana eksirei ya zamani itafuteni hata kama iko kijijini, maana 0/0 ya miaka mitano nyuma ikiwa 1/0 leo inaongea zaidi kuliko 1/0 peke yake. Apulize pia kipimo cha nguvu ya mapafu, na kikitoka kizuri msishangilie, 1/0 na pumzi nzuri vinakaa pamoja mara nyingi tu. Na huyo msomaji wa pili mpelekeeni CD yenyewe kutoka hospitali, picha iliyopigwa kwa simu ikatumwa wasapu haipangiki daraja lolote.