Aliyeandika "amelala" hakukosea

Mpwa wangu wa darasa la nne alinionyesha daftari lake jana. Zoezi lilitaka waeleze picha kwa wakati uliopo. Pichani mtoto yuko kitandani, kafumba macho. Akaandika "Mtoto amelala." Kakoseshwa kwa wino mwekundu, na pembeni mwalimu kaandika "analala."

Imeniuma, maana mtoto huyu alikuwa amekisikiliza Kiswahili vizuri kuliko kanuni aliyofundishwa: -na- ni tendo linaloendelea, -me- ni tendo lililokwisha. Kanuni hiyo inafaa kwa kitenzi kama kimbia. Anakimbia, miguu inakwenda. Amekimbia, mbio zimekwisha. Lakini lala hakiendi hivyo. Mzizi wake unataja kuingia usingizini. Kilichokwisha katika "amelala" ni kule kuingia, na kilichobaki ni usingizi wenyewe, ambao upo sasa hivi. Ukisema "analala" mbele ya picha ile, mimi naelewa ndiyo kwanza anajilaza.

Angalia vaa. Ukibisha hodi ukaambiwa "mngoje, anavaa," unajua shati halijaingia mwilini. Akitoka amevaa, nguo iko mwilini na itakaa humo mchana kutwa. Simama, kaa, inama, nuna, vyote viko kundi hili.

Kama una shaka, tanguliza "bado." Bado amelala: sawa. Bado amesimama mlangoni: sawa. Bado amekimbia? Hakuna anayesema hivyo kwa maana ya mbio zinazoendelea, utasema bado anakimbia. Neno hilo moja linakuonyesha kama -me- imeacha hali inayodumu au imefunga shughuli.

Kitenzi jua nacho kina njia yake. Mzizi wenyewe tayari ni hali, kwa hiyo "anajua" hakuna kitu kinachotendeka hapo, ni ujuzi tu umetulia kichwani. Ukiweka -me- unapata ile nukta ya kuanza: "Mama amejua!" Yaani siri imefichuka.

Na fika ni nukta tupu, haina katikati. Ndiyo maana anayekwambia kwenye simu "nafika sasa hivi" bado yuko njiani. Aliyekuwa anakimbia akazuiwa, amekimbia hata kama ni hatua kumi. Aliyekuwa anafika akarudishwa mlangoni, hakufika.

Mwanafalsafa Zeno Vendler alivipanga vitenzi katika mafungu manne ya namna hii mwaka 1957, kwa mifano ya Kiingereza. Tusiyabandike yalivyo kwenye -na- na -me-, kwa sababu lugha ile humsema aliyelala kwa umbo la tendo linaloendelea, na nahisi zoezi lile lilitoka huko.

Nakubali, "analala" ina mahali pake: analala saa tatu kila siku, wageni wanalala chumba kile. Nakubali pia wapo wanaoitumia hata kwa aliye usingizini. Hilo halimfanyi aliyeandika "amelala" kuwa amekosea.

Jumatatu nitakwenda na daftari hilo kwa mwalimu wake. Nitamwomba ajaribu "bado" yeye mwenyewe, kisha amrudishie mtoto alama yake.