Wanazi Wahukumiwe kwa Kipimo cha Nani?

"Kama kila jamii ina maadili yake, Wanazi utawalaumu kwa kipimo cha nani?" Hili ndilo swali linalowakera zaidi warelativisti, wanaosema kwamba jema na baya hupimwa ndani ya jamii husika, wala hakuna kipimo kilicho juu ya jamii zote.

Mwaka 1947, Umoja wa Mataifa ukiandaa Tamko la Haki za Binadamu, chama cha wanaanthropolojia wa Marekani kilipeleka waraka ulioandikwa hasa na Melville Herskovits. Ulitaka tamaduni zote ziheshimiwe, na ulikuwa na sababu: mataifa yaliyojiita mastaarabu bado yalitawala makoloni. Lakini waraka huohuo uliongeza kwamba serikali ikiwanyima raia sauti, maadili yaliyomo ndani ya jamii yao yanaweza kutumiwa kuwazindua. Mwaka uliofuata mwenzao, Julian Steward, alihisi kwamba huenda huo ulikuwa mlango wa nyuma wa kuitoa Ujerumani kwenye uvumilivu uliohubiriwa.

Nadhani waraka ulijikwaa kwingine. "Heshimuni tamaduni zote" ni amri kwa watu wote, na anayeitoa ameshaukubali umajumui, yaani kwamba kuna kipimo cha maadili kinachowafunga watu wote. Mrelativisti makini hahitaji kuitoa. Mwanafalsafa Gilbert Harman, aliyeutetea urelativisti mwaka 1975, hakuona shida kumwita Hitler mwovu. Alichokataa ni kusema kwamba Hitler "hakupaswa" kufanya aliyoyafanya, kwa sababu kauli hiyo humhesabu mtu kuwa anazo ndani yake sababu za kujizuia. Kwa hiyo lawama ipo. Kinachopotea ni uwezo wa kumwambia mtenda kwamba hata yeye alikuwa na sababu ya kuacha. Kwangu hasara hiyo si ndogo, ila si ile ya kunyamaza tunayoambiwa.

Upande wa pili nao haukuwa jasiri kama unavyosifiwa. Mkataba wa London wa 1945, ulioanzisha mahakama ya Nuremberg ya kuwahukumu viongozi wa Wanazi, ulitaja uhalifu dhidi ya ubinadamu uwe umevunja sheria ya nchi ulikotendeka au la. Hapo umajumui umesema waziwazi. Papo hapo mkataba ukadai uhalifu huo uhusiane na makosa mengine yaliyo chini ya mahakama, hasa vita, na majaji wakakataa kuyatangaza kwa jumla matendo ya kabla ya vita kuwa uhalifu wa aina hiyo. Mateso ya Wayahudi wa Ujerumani ya 1938 yakabaki nje.

Hao Wayahudi wanaleta utata ambao swali la mwanzo huupita. Walikuwa Wajerumani mpaka sheria za 1935 zilipowavua uraia kamili. Anayesema "ndiyo maadili ya kwao" amekwisha kumwachia mtesaji aamue nani ni wa kwao. Mrelativisti anaweza kupinga hilo bila kutoka nje ya Ujerumani. Ila kama waathirika ni wageni kabisa kwa watesi wao, njia hiyo haipo, na anabaki na lawama ya Harman peke yake.