Ngwini ni ndege kamili, hata akishika mkia

Mwaka 1975, mwanasaikolojia Eleanor Rosch wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha utafiti uliowauliza wanafunzi wa Kimarekani zaidi ya 200 swali la ajabu kidogo: kila kilichoorodheshwa ni mfano mzuri kiasi gani wa aina yake? Alama 1 ni mfano bora kabisa, 7 ni mfano hafifu. Kwa upande wa ndege, robini, yule wa kifua chekundu anayeonekana kila bustani ya Marekani, aliongoza. Ngwini alikuwa karibu na mkia, na nyuma yake popo, ambaye si ndege hata kidogo.

Matokeo hayo hayakuwa ya kubahatisha. Wahojiwa walikubaliana sana, na hata ukipima muda, watu huthibitisha upesi zaidi kwamba robini ni ndege kuliko kuku. Mawazo ya zamani, kwamba aina ni fasili tu na wote walioingia ndani wako sawa, hayawezi kueleza tofauti hiyo. Rosch anaeleza: robini ni mdogo, huruka, huimba na hujenga kiota mtini, sifa zinazojirudia kwa ndege wengi. Ngwini ana manyoya na hutaga mayai, lakini mengi mengine hana.

Hadi hapo namuunga mkono. Tatizo ni wanaoruka kutoka hapo na kusema basi mpaka kati ya ndege na asiye ndege una ukungu. Mwaka 1983, mwanasaikolojia Armstrong na wenzake, akina Gleitman wawili, walitumia kipimo kilekile kwa namba witiri. Wahojiwa waliipa 3 alama nzuri kuliko 447. Walipoulizwa waziwazi kama namba inaweza kuwa witiri zaidi ya nyingine, wengi walikataa. Na kweli, 447 ukiigawa kwa 2 inabaki 1, kama 3. Kumbe ngazi ya ubora hutokea hata pale mpaka unapokata kama wembe. Alama ya ngwini inaonyesha jinsi anavyotujia akilini. Haisemi yuko nusu nje.

Lakini ukungu upo, ila unahitaji kipimo kingine. Wanasaikolojia McCloskey na Glucksberg, mwaka 1978, waliuliza maswali ya ndiyo au hapana, kisha wakawarudia watu walewale baada ya wiki kadhaa. Je, kiharusi ni ugonjwa? Hapo watu waligawanyika karibu nusu kwa nusu, na baadhi walibadili jibu lao wenyewe safari ya pili. Kwa mifano iliyo wazi hawakuyumba hivyo. Huo ndio ukungu halisi: mtu hapingani na jirani tu, anapingana na jibu lake la mwezi uliopita.

Kwa haki ya Rosch, mwaka 1978 yeye mwenyewe alionya kwamba ngazi hizi peke yake si nadharia ya namna dhana zinavyohifadhiwa akilini. Waliomnukuu baadaye ndio waliomvusha mpaka huo.