Wavumilia?

Mimi ni muuza duka Langoni, Lamu. Mchele wangu husafiri kwa lori mpaka Mokowe, huvuka bahari kwa mashua, kisha hupanda juu ya punda mpaka mlangoni. Lori likikwama, punda wangu hupumzika na mimi huanza kusema uongo.

Mwisho wa 2023 mafuriko yalikata barabara ya Garsen. Gunia la mwisho la mchele wa sela lilikwisha Jumanne, na Jumatano akaja yule mama tunayemwita Bi Mpishi, ambaye hakuna arusi mtaani isiyopita mikononi mwake.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Nipimie sela kilo ishirini, nna pilau ya watu kesho."

Hapo ningesema tu: Bi, sela haipo, lori limekwama, sijui litafika lini. Maneno kumi hayafiki. Lakini mteja wa miaka saba humwambii "haipo" hivi hivi, roho inakataa. Nikamwambia sela siku hizi imeshuka hadhi. (Astaghfirullah.) Nikafungua gunia la pishori ya Mwea, nikamnusisha.

"Nusa, Bi. Huu ndio mchele. Ni ghali zaidi, lakini wewe nakupa kwa bei ya sela."

Akanusa, akachukua punje tatu, akazitia kinywani, akazivunja kwa meno ya mbele. Tk. Akanitazama.

"Wavumilia?"

Sikuelewa anauliza uvumilivu wa nini. Mchele una subira gani?

"Wavumilia, Bi. Tena sana."

Kumbe swali lile ndilo lilikuwa biashara nzima. Sela huchemshwa au hupikwa kwa mvuke ingali na ganda lake, ikakaushwa, ndipo ikakobolewa. Ndiyo maana punje yake ina umanjano kidogo, yang'aa kama kioo, na ukiivunja kwa meno yagoma. Iroweke saa nzima, itie maji vikombe viwili kwa kimoja, ipalie makaa juu ya kifuniko, usahau ukaenda kugombana na jirani, ukirudi utakuta kila punje imesimama peke yake. Pishori haijapita moto huo. Ni nyeupe, laini, yanukia mpaka barabarani, lakini kwa vipimo vile vya maji inalegea mwili mzima. Yatosha kikombe kimoja na nusu, tena huiachi mbali na macho.

Bi Mpishi akapika kama alivyopika sela miaka yote.

Alhamisi baada ya adhuhuri nasikia punda anateremka kichochoroni na watoto nyuma yake wanacheka. Juu ya punda, sufuria. Nyuma ya sufuria, Bi Mpishi, upawa mkononi. Hakusalimu. Akafunua, akauchomeka upawa katikati, akauachilia. Ukasimama wima kama mlingoti wa jahazi.

"Niambie, mwanangu, hiki ni nini?"

"Pilau, Bi."

"Watu wameniuliza bokoboko hili la nyama nimelitia bizari kwa nini!"

Mzee wa duka la jirani, ambaye hajawahi kunisaidia kwa lolote, akachota kidogo kwa kidole, akaonja, akasema chumvi imekolea. Asante sana, mzee.

Nikarudisha pesa zote, na nyama nikailipa nusu. Kisha, kwa mara ya kwanza wiki ile, nikasema kweli: lori limekwama, sela yangu haipo, na mimi sikujua ulichoniuliza. Akanyamaza. Nadhani kweli ilimshtua kuliko pilau.

Jumamosi alikuwa na shughuli nyingine. Nikazunguka maduka mpaka nikapata sela ya chapa nyingine, punje fupi kidogo kuliko aliyoizoea. Safari hii sikumnusisha kitu. Nikapika kikombe kimoja nyumbani, nikampelekea kwenye sahani pamoja na mbichi ya kibaba kimoja. "Bi, ile yako haijafika. Hii nayo ni sela, ila ni fupi, haitapendeza machoni kama ile. Nimeiroweka saa moja, maji viwili kwa kimoja. Jaribu kibaba hiki kwanza, pesa baadaye." Akavunja punje kwa meno, akatabasamu upande mmoja, akaagiza kilo kumi na tano.

Lori lilipofika nikadhani yamekwisha. Juzi amekuja kutaka kiberiti, na kile anachokipenda kilikuwa kimeniishia. Nikamwonyesha kingine. Akakishika, akakitikisa karibu na sikio, akanitazama machoni mbele ya wateja wanne.

"Wavumilia?"