Kavareji ni 100% na hesabu ya faini bado imeanguka

Ofisini kwetu hapa Kilimani kuna ubishi haujaisha tangu meneja aseme hakuna kitu kinaenda prodakshen kama kavareji, yaani asilimia ya kodi yenye testi zinapitia, iko chini ya 90%. Nusu ya madevelopa wanasema ni sawa, nusu wanasema ni maringo ya namba. Mimi niko katikati lakini nimeegemea upande mmoja, na sababu ni hii kodi hapa (sio ile ya KRA), ya mfumo wa vyama, inapiga hesabu ya faini ya mwenye amechelewesha mkopo:

```python
def faini(siku, deni):
    if siku > 7:
        kiwango = 0.05
    return deni * kiwango

def test_faini():
    assert faini(10, 2000) == 100
```

Ukirun hiyo testi inapita, na ripoti inakuonyesha faini imefunikwa 100%, kijani tupu. Sasa mpe mama mmoja wa chama amechelewa siku 3. Hiyo `if` inarukwa, `kiwango` hakijawahi kupewa thamani, na programu inaanguka na `UnboundLocalError`. Yaani mwenye hadaiwi faini hata shilingi ndiye anaangusha mfumo! Kavareji ya mistari haijadanganya, iliulizwa kama kila mstari umepitiwa na kweli umepitiwa, shida ni kwamba njia ya kuruka `if` haina mstari wake wa kuhesabiwa.

Hapo watu wa upande wa meneja wanasema basi washa kavareji ya matawi, ile inahesabu kila njia ya `if`, ya kuingia na ya kuruka, na kusema ukweli wana pointi. Kwa coverage.py, zana ya kupima kavareji ya Python, unaongeza `--branch` tu, na hiyo faili ya mistari minne inashuka kutoka 100% hadi 83%, juu mistari yote 4 imepitiwa lakini kati ya matawi 2 ni 1 tu limeguswa, kwa hivyo 5 kwa 6. Safu ya `BrPart` inakuambia kuna tawi limebaki. Ni kazi ya dakika moja na sijui kwa nini watu wengi hawaiwashi.

Tukarekebisha, tukaanza na `kiwango = 0`, tukaongeza testi ya siku 3, matawi yote yakafika 100%. Bado kulikuwa na bagi. Katiba ya chama inasema mwenye amefikisha siku 7 analipa, lakini kodi inasema `> 7`, kwa hivyo wa siku ya 7 kamili anapita bure. Testi zetu ni za siku 10 na siku 3, hakuna mwenye alijaribu siku ya 7, pale kwa mpaka wenyewe. Tena katiba inasema mwenye alilazwa hospitali anasamehewa, na hiyo hakuna mtu aliandika kabisa, sasa ripoti itapaka rangi gani mstari haupo?

Kuna kingine kibaya zaidi. Toa `assert` kwenye hizo testi, acha tu `faini(10, 2000)` na `faini(3, 2000)` ziitwe, kavareji haisongi hata kidogo. Mtu akiwa na dedilaini ya Ijumaa jioni na anadaiwa 90%, hiyo ndiyo njia rahisi na nimeona ikifanywa (sawa, nimeifanya pia).

Ya kushika hayo ni kuharibu kodi makusudi uone kama testi zitalia. Zana kama mutmut inabadilisha `>` iwe `>=`, inarun testi, na zikipita zote inakuambia badiliko limeponea. Kwetu hilo lingeponea na tungejua mapema mpaka haujashikwa. Lakini ni ghali, juu kila badiliko linataka testi zirudiwe: testi za dakika 4 kwa mabadiliko 300 ni masaa 20. Kwa hivyo mimi naiweka kwa mafaili ya pesa tu.

Sasa, wale wa kusema kavareji itupwe nao siwaelewi. Faili ikiwa na 12% hiyo ni habari ya kweli, sehemu kubwa haijaguswa na testi yoyote. Hata programu za ndege, chini ya mwongozo wa DO-178C, zinapimwa kavareji, lakini huko testi zinatoka kwa mahitaji yaliyoandikwa kwanza, kisha kavareji inatumika kutafuta ni nini kimeachwa. Sisi tunaanza na namba halafu tunatafuta testi za kuijaza.

Nilimwambia meneja abaki na 90% yake lakini iwe ya matawi, na mwenye kupitia kodi aulizwe testi ya siku ya 7 iko wapi. Ya matawi amekubali, hiyo ya pili anasema haiwezi kuwekwa kwa dashibodi.